Tenda umeshinda, faida huioni: tuikague kosti shiti ya madawati

Jamaa mmoja mwenye karakana pale Mafinga alinipigia jioni moja, kaanza na salamu ya kamwene vizuri tu, kaulizia watoto, afu ndo akaingia kwenye kilio chake. "Kaka, madawati 200 nimepeleka yote, wamepokea, hela imeingia, nimelipa watu wangu, sasa nikiangalia kilichobaki ni kama nilikuwa nafanya kazi ya kujitolea. Karatasi ilisema kila dawati linanipa elfu tisa na kitu. Imeenda wapi?"

Nikamwambia nitumie picha ya daftari. Akatuma kurasa nne za kaunta buku zimejaa namba za penseli, nyingine zimefutwa zikaandikwa juu. Yeye anatengeneza kitu kimoja tu, dawati la paini la watoto wawili, na hiyo ni bahati kwake maana ukiwa na bidhaa moja hakuna kugombana kodi ya banda hii iende kwenye meza au kwenye kabati, gharama zote zinakwenda kwenye dawati. Ndo maana kosti shiti yake ilitakiwa iwe rahisi, na bado ilimshinda. Nitaenda dalili kwa dalili kama fundi wa gari anavyofanya, ila kwanza hii hapa ni kosti shiti yake ya Januari hadi Machi baada ya kuinyoosha, ili tukisema namba ujue inatoka wapi. Zote ni shilingi, na katika miezi hiyo mitatu alimaliza madawati 500 akauza 450.

```
Malighafi mwanzo wa Januari        1,800,000
+ Manunuzi                        11,900,000
+ Usafiri wa kuileta karakana        600,000
- Iliyobaki mwisho wa Machi        2,300,000
Malighafi iliyotumika             12,000,000
Ujira wa mafundi                   4,000,000
Chapa na namba za dawati             500,000
GHARAMA YA MSINGI                 16,500,000
+ Overhedi ya karakana             3,800,000
- Mabanzi na maranda yaliyouzwa      200,000
+ Nusu-kazi ya mwanzo                300,000
- Nusu-kazi ya mwisho                400,000
GHARAMA YA KIWANDANI              20,000,000
+ Overhedi ya ofisi                2,000,000
GHARAMA YA UZALISHAJI (500)       22,000,000
- Madawati 50 hayajauzwa           2,200,000
+ Mauzo na usambazaji                900,000
GHARAMA JUMLA (450)               20,700,000
```

Gharama ya msingi ndo ile wengi wetu tulifundishwa kwa jina la praimu kosti, yaani vitu ambavyo ukilishika dawati unaweza kusema hiki kipo humu: mbao, mkono wa fundi, chapa. Ya kiwandani ni hiyo ukiongeza overhedi, yaani kila kinacholiwa na karakana, na gharama jumla ni mpaka dawati limfikie mteja. Kwa dawati moja kiwandani inatoka 40,000, ukiongeza ofisi 44,000, na likishauzwa na kufikishwa ni 46,000. Shika hiyo 46,000.

Dalili ya kwanza: gharama ya msingi inarukaruka na dawati ni lile lile

Kwenye daftari lake Februari dawati lilionekana ghali balaa, Machi likawa la bure. Dawati halijabadilika, mafundi ni wale wale. Ukiona hivyo usianze kulaumu bei ya mbao, angalia kwanza kama unaandika ulichonunua badala ya ulichotumia. Jamaa Februari alipata mzigo wa bei nzuri toka kwenye kiwanda cha kupasua mbao huko njia ya Sao Hill, akajaza banda, akaubebesha mwezi mmoja mzigo wote. Machi akatumia zile zile mbao bila kununua, kwa hiyo kwenye karatasi zikawa za bure.

Dawa ni kuhesabu kilichopo mwanzo na mwisho, na hapa namaanisha kuhesabu kweli. Nilipomuuliza Machi ilibaki mbao kiasi gani akanijibu "kama Kanta nusu hivi". Kanta nusu siyo namba. Jumamosi yake nikaenda toka Iringa, tukaingia bandani na chaki, kila rundo tunaandika ubavuni: mbili kwa nne vipande vingapi, moja kwa nane vingapi, na zile zilizopinda tukaziweka pembeni maana hizo huwezi kuzithamini kwa bei ya mbao nzima. Kazi ya masaa mawili. Ya Machi ilibidi tuirudishe nyuma kwa kutumia stakabadhi na idadi ya madawati yaliyotoka tangu hapo, ikaja 2,300,000, yeye kichwani alikuwa anaona kama milioni nne.

Kosa la pili ni usafiri. Ile 600,000 ya kuleta mbao alikuwa anaiona ni "gharama za gari" tu kama mafuta ya kupeleka madawati kwa wateja, kisha akasahau kuiandika popote. Usafiri wa kuleta malighafi ni sehemu ya bei ya malighafi, maana mbao iliyoko porini haitengenezi dawati. Usafiri wa kupeleka dawati ni wa mauzo, unakaa kule chini kabisa. Gari linaweza kuwa moja na dereva mmoja, safari ndo inayoamua.

La tatu, ujira. Aliandika 3,700,000 kwa sababu ndo hela iliyotoka mkononi, ila Machi ilipoisha mafundi walikuwa wanamdai 300,000 ya kazi waliyokwisha fanya. Kazi imefanyika Machi, ujira ni wa Machi hata ukiulipa Aprili. Halafu ile 500,000 ya kijana anayechonga chapa na namba, shilingi 1,000 kila dawati, alikuwa kaificha kwenye matumizi ya ofisi eti kwa sababu yule siyo mfanyakazi wake. Haijalishi ni mfanyakazi wa nani, kila dawati likiongezeka buku inaongezeka, hiyo ni ya moja kwa moja na mahali pake ni juu.

Sasa cheki kitu hiki maana ndo kinachowadanganya wengi. Yeye alikuwa na gharama ya msingi 15,600,000, sahihi ni 16,500,000, pengo ni 900,000. Lakini kwa kusahau usafiri, deni la mafundi na chapa alitakiwa apungukiwe 1,400,000! Ile laki tano iliyobaki imefichwa na kosa la stoo, maana alibaki na mbao nyingi kuliko alizoanza nazo na hakuitoa tofauti. Kosa moja linavuta chini lingine linavuta juu, jibu linakaa karibu na ukweli, na wewe unaamini kabisa hesabu yako iko poa.

Kipimo cha haraka ambacho sihitaji daftari kukifanya: chukua dawati moja lililokamilika, lipindue, pima kila kipande, hesabu boliti, weka bei ya leo ya dukani. Lake lilitoka kama 21,500. Kosti shiti inasema malighafi ni 24,000 kwa dawati. Hiyo 2,500 katikati ni vipande vifupi, mbao zilizopasuka wakati wa kupiga randa, na mbao mbichi zilizokauka zikapinda. Kiasi hicho kwa paini ambayo haijakauka vizuri sikushtuka. Ila ukiikuta pengo ni elfu saba au nane, hapo ama hesabu ya stoo ni ya kubuni au kuna mbao zinatoka usiku.

Dalili ya pili: gharama ya kiwandani iko juu mno, au inapanda msimu kazi zikipungua

Overhedi ya karakana sahihi ilikuwa hivi: umeme wa LUKU wa mashine 700,000, kodi ya banda 900,000, msimamizi 450,000 kwa mwezi yaani 1,350,000, uchakavu wa mashine 450,000, na visu, msasa, gundi, grisi na matengenezo 400,000. Jumla 3,800,000. Yake ilikuwa 4,550,000. Tofauti yote ilikuwa mstari mmoja ameandika "mashine 1,200,000".

Nikamuuliza mashine gani kila miezi mitatu unatumia 1,200,000? Kumbe ni rejesho la mkopo. Alikopa akanunua mashine ya randa, analipa laki nne kila mwezi. Hapa watu wengi wanabisha na nawaelewa, hela si inatoka kweli? Inatoka, ila kurudisha mkopo siyo gharama ya dawati, unarudisha hela ya mtu. Gharama ya dawati ni mashine inavyochakaa. Mashine ilinunuliwa 9,000,000, yeye mwenyewe anasema itampa miaka mitano, miaka mitano ni robo 20 za miezi mitatu mitatu, kwa hiyo kila robo ni 450,000. Riba nayo ni ya kugharimia biashara, inakaa nje ya kosti shiti pamoja na kodi ya mapato, hela ya kula nyumbani na ada ya mtoto (alikuwa ameiandika pia, kwa penseli hafifu, akaifuta nikiwa namwangalia). Vyote hivyo vinalipwa na faida, havitengenezi dawati. Ukiviingiza humo unapandisha bei yako afu unashangaa jirani anakupiga kwenye tenda kila siku.

Upande wa pili wa mstari huo huo ni mabanzi na maranda. Maranda wanachukua wafuga kuku, mabanzi wanachukua wachoma tofali na mama ntilie, ilikuwa 200,000 kwa miezi mitatu na yote iliishia mfukoni kwa msimamizi, "ya chai". Mimi sina neno na chai, ila kwenye karatasi itolewe kwenye overhedi, kisha chai iandikwe kama chai. Baada ya kuitoa overhedi inabaki 3,600,000.

Nusu-kazi sitaichelewesha: ni yale madawati yameungwa hayajapakwa vanishi. Yaliyokuwepo mwanzo unaongeza maana yamemalizikia kwako robo hii, yaliyopo mwisho unatoa maana kuna hela yako imelala humo na dawati bado halijazaliwa. Kwenye karakana ndogo huwa tofauti ni ndogo, hapa ni laki moja tu. Inakuwa kubwa pale Julai, Mafinga baridi kali na ukungu mpaka saa nne asubuhi, vanishi haikauki, unakuta madawati sitini yamesimama nje yanasubiri jua.

Na hiyo Julai inaleta dalili nyingine ambayo siyo kosa la hesabu kabisa. Kodi ya banda, msimamizi na uchakavu ni 2,700,000 utengeneze madawati 500 au usitengeneze hata moja. Kwa madawati 500 kila dawati linabeba 5,400. Ukishuka hadi 300 kila moja linabeba 9,000. Dawati limepanda 3,600 na hakuna aliyeongeza bei ya kitu chochote. Kosa linakuja pale unapochukua gharama za robo iliyolala ukaweka bei ya tenda, unajikuta juu, unakosa kazi, robo inayofuata inalala zaidi, unapanda tena. Tumia kiwango cha kawaida cha karakana yako, kwa huyu jamaa ni 500 kwa robo, na ile hela ya banda iliyokosa kazi iache ikae kama hasara ya robo ile mbovu. Usimpelekee mteja wa kesho bili ya uvivu wa jana.

Dalili ya tatu: gharama ya dawati moja haikubaliani na yenyewe

Hii ni ya kugawanya kwa idadi isiyo yake. Alijumlisha kila kitu mpaka mauzo, akagawa kwa 500. Lakini mauzo na usambazaji, ile 900,000, imetumika kwa madawati 450 yaliyoondoka, yale 50 bado yako bandani hayajapanda gari lolote. Kwa hiyo mpaka gharama ya uzalishaji gawa kwa yaliyotengenezwa: 22,000,000 kwa 500 ni 44,000. Yale 50 yatoe kwa bei hiyo hiyo ya 44,000, yaani 2,200,000, usiyatoe kwa bei ya kuuzia maana utakuwa umejipa faida ya kitu hujauza. Zinabaki 19,800,000 za madawati 450, unaongeza 900,000, gharama jumla 20,700,000, gawa kwa 450, ndo 46,000.

Namna ya kujua umepatia: 44,000 ya uzalishaji jumlisha 2,000 ya mauzo lazima ije 46,000 ile ile. Zikigoma, kuna mahali umechanganya 500 na 450. (Ukiwa na madawati yaliyobaki toka robo iliyopita yana bei yake ya zamani, hapo haitakubaliana hadi shilingi, na hilo si kosa.)

Yeye alipata 47,100. Makosa yote yale, deni la mafundi kasahau, mkopo kaingiza, maranda hakutoa, stoo hakuihesabu, afu jibu linapishana na la kweli kwa 1,100 tu. Niliponyanyua macho akawa anatabasamu, "si unaona kaka, nilikuwa karibu". Sasa kama alikuwa karibu hivyo na hata aliweka juu kidogo, faida ilienda wapi? Ndo tunafika.

Dalili ya nne, ndo ugonjwa wenyewe: bei ya tenda imetokana na gharama za robo iliyopita

Alichofanya ni hiki. 47,100 akaongeza asilimia 20, ikaja 56,520, mara 200 ikawa 11,304,000, akajaza akatuma. Humo kuna makosa matatu na kila moja linakula.

Kwanza, kosti shiti ya Januari hadi Machi inaeleza yaliyopita, tenda ilikuwa ya kutengeneza Mei. Mbao zilishapanda asilimia 10 na alijua, alinung'unika kwenye simu mwezi mzima. Mafundi nao walishamwambia toka 8,000 kwa dawati sasa ni 9,000. Kwa hiyo kwa dawati moja malighafi ni 26,400, ujira 9,000, chapa 1,000, gharama ya msingi 36,400. Mara 200 ni 7,280,000. Tayari kila dawati limepanda 3,400 kabla hujagusa kitu kingine.

Pili inakuja overhedi, na hapa nina ugomvi kidogo na tulivyofundishwa darasani. Darasani unaambiwa overhedi ya karakana ni asilimia ya ujira: 3,600,000 kwa 4,000,000 ni asilimia 90, kwa hiyo tenda yenye ujira wa 1,800,000 inabeba overhedi 1,620,000. Kwenye mtihani andika hivyo hivyo upate maksi zako. Ila fikiria, fundi kaongezewa buku, kwani mwenye banda naye kapandisha kodi? LUKU imeongezeka? Hapana. Ile asilimia ina maana pale ujira unapopanda kwa sababu kazi inachukua muda mrefu zaidi, mfano wametaka dawati lenye droo, hapo kweli mashine na banda vinatumika zaidi. Kama ujira umepanda bei tu na masaa ni yale yale, tumia overhedi kwa dawati, 7,200, mara 200 ni 1,440,000. Tofauti ni 180,000, na kwenye tenda laki na themanini inaweza kukukosesha kazi. Na ofisi vile vile, badala ya asilimia 10 ya gharama ya kiwandani iliyovimba, chukua 4,000 kwa dawati, 800,000.

Upande wa usambazaji ndo alipochinjwa kweli. Wastani wake wa 2,000 kwa dawati ni wa wateja wa Mafinga mjini na watu wanaokuja wenyewe na gari. Tenda ilitaka madawati yafikishwe kwenye shule, nyingine huko mbele ya Igowole, barabara ya vumbi na mvua za Aprili zimeshaichimba. Fuso safari nne kwa 180,000 ni 720,000, vijana wa kupakia na kushusha 80,000, jumla 800,000, yaani 4,000 kwa dawati, mara mbili ya aliyoweka. Hii huwezi kuipata kwenye kosti shiti ya zamani hata uikague vipi, unaipata kwa kusoma sehemu ya tenda inayosema mzigo ushushwe wapi, kisha unampigia dereva.

Tukiweka pamoja: gharama ya msingi 7,280,000, overhedi ya karakana 1,440,000, kiwandani inakuwa 8,720,000. Ongeza ofisi 800,000, uzalishaji 9,520,000. Ongeza usafiri 800,000, gharama jumla ya tenda ni 10,320,000, sawa na 51,600 kwa dawati. Aliuza 56,520. Kilichobaki ni 4,920 badala ya 9,420 aliyoiona kwenye karatasi, na kwa madawati 200 faida yote ni 984,000. Humo ndo akalipa rejesho, ndo maana akaona hamna kitu.

Kosa la tatu ni la asilimia. Alikuwa anataka faida ya asilimia 20 ya bei, ndo anavyoongea siku zote, "katika kila elfu kumi nibaki na elfu mbili". Lakini alipiga asilimia 20 juu ya gharama, na hivyo viwili havilingani. Bei ikiwa 100 na faida 20, gharama ni 80, na 20 juu ya 80 ni robo. Kwa hiyo asilimia 20 ya bei ni asilimia 25 ya gharama. Hata angepata gharama sahihi ya 10,320,000, kwa njia yake angeandika 12,384,000, na hapo faida yake ni chini ya asilimia 17 ya bei. Njia ya kweli ni kugawa gharama kwa 0.8. Ukiwa kwenye Ekseli na gharama jumla iko B12 andika hivi:

```
=B12/(1-0.2)
```

Inatoka 12,900,000, dawati 64,500. Faida 2,580,000, na ukiigawa kwa bei inarudi 20 kamili, ndo namna ya kujihakiki.

Kama umesajiliwa VAT, hiyo 12,900,000 ni kabla ya VAT, asilimia 18 inakaa juu yake na siyo yako, ni ya serikali unaibeba tu. Na mbao ulizonunua kwa risiti yenye VAT unayoirudisha, kwenye kosti shiti ziandike bila VAT, la sivyo umejitoza mara mbili. Kodi ya zuio wakikukata wakati wa malipo usiiandike kama gharama ya dawati, hiyo ni kodi yako ya mapato imelipwa mapema, tunza cheti chake.

Dalili ya tano: bei sahihi, na bado unakosa tenda

Jamaa hakukubali kirahisi. "Kaka kwa 64,500 ningekosa, kuna watu wanaweka 55." Inawezekana kabisa, na hapo kosti shiti inakupa kitu kingine cha kujua, nacho ni mwisho wa kushuka. Kama karakana imelala na hakuna oda nyingine utakayoikosa kwa kuchukua hii, jiulize ni hela gani itatoka kwa sababu tu umepata kazi. Gharama ya msingi 36,400, usafiri 4,000, na sehemu ya overhedi inayotembea na kazi: LUKU na visu na msasa 1,100,000 toa maranda 200,000, gawa kwa 500, ni 1,800. Jumla 42,200. Juu ya hapo kila shilingi inasaidia kulipa banda ambalo ungelilipa tu, chini ya hapo bora mafundi wakae wacheze drafti.

Ila hiyo ni ya msimu uliokufa, na ukiizoea ukaja kuiweka kila tenda utafika Desemba umetengeneza madawati elfu mbili na kodi ya banda unadaiwa. Robo ile ya Aprili alikuwa na oda za watu binafsi mbili amezikataa ili amalize tenda, kwa hiyo kwake 42,200 haikuwa sakafu, sakafu yake ilikuwa juu zaidi maana alipoteza faida ya zile oda.

Mara ya mwisho naongea naye alikuwa anajaza tenda nyingine, madawati 120, ameshampigia dereva wa Fuso, ameshahesabu mbao kwa chaki. Alichokuwa anabishana nacho ni vanishi: wametaka koti mbili na yeye siku zote anapaka moja, anaomba aandike moja afu ya pili "tutaona". Nikamwambia weka mbili, vanishi zaidi kila dawati, na muda wa kupaka koti ya pili uongeze kwenye ujira. Hapo asilimia ya ujira ndo ina kazi yake.